Kila Dai na Mzani Wake: Kuhakiki Kitabu cha Mazoea

Kwenye meza za wauza vitabu wa kando ya barabara, Nairobi na Dar es Salaam, vitabu vya kujiendeleza havikosekani. Kimojawapo kinachoonekana mara kwa mara ni *Atomic Habits* cha Mmarekani James Clear, kilichotoka Oktoba 2018 na kuuzwa kwa mamilioni ya nakala duniani. Wanaokizungumzia wamegawanyika. Wapo wanaosema kimewabadilishia maisha, na wapo wanaokitupilia mbali kwamba ni hamasa tupu. Mtu aliyesimama mbele ya meza hiyo na pesa mkononi, akijiuliza kama anunue, hasaidiwi na kundi lolote kati ya haya mawili. Kitabu hiki kina ushauri mzuri, kina hadithi yenye kosa la wazi, kina hesabu isiyofanana na maisha, na kina tafiti za kweli zilizosimuliwa nusu. Yote hayo yamo ndani ya jalada moja.

Ndiyo maana kinafaa kuwa mfano kwa yeyote anayetaka kujifunza kuandika uhakiki wenye uwiano. Wahakiki wengi hudhani uwiano ni kugawa nafasi: aya tatu za sifa, aya tatu za lawama, kisha maneno ya kupatanisha. Uhakiki wa namna hiyo unaonekana wa haki, lakini humpotosha msomaji, kwa sababu unaupa ushauri uliothibitishwa mara nyingi uzito uleule wa hadithi iliyosikika mahali. Uwiano wa kweli hupatikana pale kila dai linapopimwa kwa ushahidi wake, kisha mhakiki akaandika alichokiona, hata kama sifa zitajaza ukurasa na lawama zikawa mistari minne, au kinyume chake.

Kuyatenga madai

Mhakiki makini hukisoma kitabu mara mbili. Mara ya kwanza husoma kama msomaji wa kawaida, ili amwelewe mwandishi na kujua kinachovutia. Mara ya pili hushika penseli na kuandika pembeni kila dai analokutana nalo. Katika kitabu cha Clear, hoja kuu ni kwamba mazoea makubwa hujengwa kwa matendo madogo yanayorudiwa, na kwamba kila zoea hupita hatua nne: kichocheo, hamu, tendo, na zawadi. Kutokana na hatua hizo anatoa kanuni nne. Zoea unalolitaka lifanye lionekane, livutie, liwe rahisi, na liridhishe. Usilolitaka, lifanyie kinyume.

Kanuni hizo zimezungukwa na madai ya aina mbalimbali, na hapo ndipo kazi ya mhakiki inapoanza. Kuna ushauri, mfano kuweka nguo za mazoezi mahali zitakapoonekana asubuhi. Kuna hadithi za watu na timu zilizofanikiwa. Kuna hesabu. Kuna matokeo ya tafiti. Kila aina ina kipimo chake. Ushauri usiogharimu kitu unaweza kujaribiwa na msomaji mwenyewe nyumbani. Hadithi inahitaji kulinganishwa na kumbukumbu zilizopo. Hesabu inahitaji kikokotoo. Utafiti unahitaji kufuatwa hadi pale ulipochapishwa mara ya kwanza.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo wengi huiruka, na si kwa sababu ni ngumu. Clear ameweka orodha ya vyanzo nyuma ya kitabu, jambo linalostahili kutajwa kama sifa, maana vitabu vingi vya aina hii husema tu kwamba wanasayansi wamegundua, bila kutaja ni wanasayansi gani. Mhakiki akishapata jina la mtafiti na mwaka, muhtasari wa utafiti huo kwa kawaida hupatikana mtandaoni bila malipo, na mara nyingi hauzidi ukurasa mmoja. Dakika kumi za kuusoma zinatosha kujua kama mwandishi amesimulia kile kilichotokea.

Kusifu nako kunahitaji ushahidi

Sifa ya jumla haimsaidii mtu. Kuandika kwamba kitabu kinatia moyo au kina mafunzo mengi ni sawa na kutokuandika kitu, kwa sababu maneno hayo yanaweza kubandikwa kwenye kitabu chochote. Mhakiki anapaswa kutaja jambo mahususi lililo zuri na kueleza kwa nini ni zuri.

Kwa kitabu cha Clear, jambo la kwanza la kusifiwa ni ushauri wa kupanga mahali na saa. Badala ya kusema nitaanza mazoezi, mtu aseme nitatembea kuzunguka uwanja wa shule saa kumi na mbili asubuhi, Jumatatu na Alhamisi. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameichunguza mipango ya namna hii kwa miaka mingi. Mwaka 2006 yeye na Paschal Sheeran walikusanya matokeo ya majaribio 94 na kuona kwamba, kwa wastani, kupanga hivyo kuliwasaidia watu kutimiza malengo yao kwa kiasi kinachoonekana, cha kati hadi kikubwa. Hapa mhakiki ana haki ya kuandika kwa sauti ya uhakika. Clear hakubuni jambo. Amelichukua kutoka kwenye maabara na kulieleza kwa lugha ambayo mwanafunzi wa sekondari ataielewa.

La pili ni namna kitabu kinavyoondoa lawama kwa msomaji. Vitabu vingi vya hamasa humwambia aliyeshindwa kwamba hakutaka vya kutosha. Clear anamwelekeza atazame chumba chake: simu iko wapi, biskuti ziko wapi, kitabu kiko wapi. Ni badiliko kubwa la mtazamo, na linaendana na utafiti kuhusu jinsi mazingira yanavyoongoza uchaguzi wa mtu. Kuna pia kanuni yake ya dakika mbili, inayosema zoea jipya lianze kwa tendo linalomalizika ndani ya dakika mbili, kama kusoma ukurasa mmoja tu kabla ya kulala. Ushauri huu hauna gharama, hauna hatari, na msomaji atajua ndani ya wiki chache kama unamfaa. Mhakiki hahitaji kuudai ushahidi mzito.

Sifa hizi zikishaandikwa waziwazi, msomaji wa uhakiki anajua kwamba anayeandika hana kinyongo. Baada ya hapo atasikiliza maswali.

Hadithi ya baiskeli

Sura ya kwanza ya kitabu inafunguliwa na hadithi ya chama cha mbio za baiskeli cha Uingereza. Mwaka 2003, Dave Brailsford alipewa kazi ya kusimamia maendeleo ya timu. Falsafa yake ilikuwa kutafuta maboresho madogo ya asilimia moja kila mahali: viti vya baiskeli, matairi, jeli za kukandia misuli, mito ya kulalia, hata namna ya kunawa mikono ili wachezaji wasiugue. Miaka mitano baadaye, katika Olimpiki ya Beijing ya 2008, Waingereza walichukua medali za dhahabu 7 kati ya 10 za mbio za uwanjani. Ni hadithi tamu, na matokeo ya Beijing ni ya kweli.

Tatizo la kwanza ni kosa la kumbukumbu. Ili kuonyesha jinsi hali ilivyokuwa duni kabla ya Brailsford, kitabu kinasema kwamba tangu 1908 waendesha baiskeli wa Uingereza walikuwa wamepata dhahabu moja tu ya Olimpiki. Orodha ya washindi inasema vingine. Harry Ryan na Thomas Lance walishinda dhahabu kwa baiskeli ya watu wawili mwaka 1920 huko Antwerp. Chris Boardman alishinda Barcelona mwaka 1992. Jason Queally alishinda Sydney mwaka 2000. Hizo ni tatu. Kosa lenyewe ni dogo, na mhakiki asilitumie kukibomoa kitabu kizima. Lakini aliandike, kwa sababu linaifanya tofauti kati ya kabla na baada ionekane kubwa kuliko ilivyokuwa, na tofauti hiyo ndiyo nguzo ya hadithi.

Tatizo la pili ni zito zaidi: sababu nyingine hazikuhesabiwa. Kuanzia mwaka 1997, fedha za bahati nasibu ya taifa zilianza kumiminika katika michezo ya Uingereza, na mbio za baiskeli zilikuwa miongoni mwa zilizonufaika. Peter Keen, aliyetangulia kuisimamia programu hiyo, alikuwa tayari amejenga mfumo wa kitaalamu wa mazoezi na vipimo. Dhahabu ya Queally ya 2000 ilipatikana miaka mitatu kabla ya mwaka ambao hadithi ya kitabu inaanzia. Kwa hiyo msomaji hana njia ya kujua ni sehemu gani ya ushindi iliyotokana na mito ya kulalia, na ni sehemu gani iliyotokana na fedha, viwanja, vipaji na makocha.

Kuna swali moja ambalo mhakiki anaweza kuliuliza kwa kila hadithi ya mafanikio: je, wapo waliofanya vilevile wakashindwa? Kitabu kinachosimulia washindi peke yao hakiwezi kulijibu. Timu kumi zinaweza kuboresha viti na matairi yao, tisa zikabaki zilipokuwa, na ya kumi ikaandikiwa sura nzima. Mhakiki akieleza hivi, hasemi kwamba falsafa ya Brailsford ni ya uongo. Anasema kwamba hadithi moja inaweza kufafanua wazo, lakini haiwezi kulithibitisha.

Asilimia moja kwa siku

Baada ya baiskeli inakuja hesabu ambayo imesambaa kuliko sehemu nyingine yoyote ya kitabu. Ukiboreka kwa asilimia moja kila siku kwa mwaka mzima, anasema Clear, utakuwa bora karibu mara 37. Ukizorota kwa asilimia moja kila siku, utakaribia sifuri. Kikokotoo kinakubali: 1.01 ikizidishwa yenyewe mara 365 hutoa 37.78, na 0.99 hutoa takriban 0.03.

Hesabu ni sahihi. Linalohitaji kuulizwa ni kama kuna uwezo wowote wa binadamu unaokua hivyo. Mchukue mtu anayeweza kupiga pushapu 10 leo. Kwa kanuni hiyo, mwaka ukiisha atapiga 378 kwa mkupuo. Mwaka wa pili ukiisha atapiga zaidi ya 14,000. Hakuna mwili unaofanya hivyo. Mwanzoni mtu hupanda haraka, kutoka 10 hadi 20 hadi 30, kisha ongezeko hupungua, na hufika mahali ambapo mwezi mzima wa jasho unaleta pushapu mbili tu. Kusoma, kuandika, kujifunza lugha, kupiga gitaa, vyote hufuata umbo hilo: mwanzo wenye mwinuko, kisha uwanda.

Hapa kuna jambo ambalo mhakiki aliyesoma mara mbili atalinasa. Baadaye kitabuni, Clear mwenyewe anaonyesha mchoro wa jinsi zoea linavyojengeka kwa kurudiwa, na mstari wake unapanda haraka mwanzoni kisha unalala. Mchoro huo una mizizi katika utafiti. Mwaka 2010, Phillippa Lally na wenzake wa University College London walichapisha matokeo ya watu 96 waliochagua tendo moja la kila siku, kama kunywa maji baada ya kifungua kinywa, na kulifuatilia kwa wiki 12. Kwa mtu wa katikati, tendo lilichukua siku 66 kufikia hali ya kujiendesha lenyewe, lakini makadirio yalitofautiana sana, kuanzia siku 18 hadi 254. Marudio ya mwanzo ndiyo yaliyoongeza zaidi. Ya baadaye yaliongeza kidogo kidogo. Umbo hilo ni kinyume cha hesabu ya mara 37, ambayo huanza taratibu na kupaa mwishoni.

Kwa hiyo kitabu kina michoro miwili isiyokubaliana, mmoja wa hamasa na mwingine wa utafiti. Kwa kumtendea haki Clear, yeye anaitumia asilimia moja kama kielelezo cha jinsi mambo madogo yanavyojikusanya, na mhakiki aliseme hilo. Lakini msomaji anayebeba namba 37 kichwani atapata matarajio mabaya. Atakapofika kwenye uwanda, mwezi wa tatu au wa nne, atadhani yeye ndiye mwenye kasoro, kumbe ndivyo kujifunza kunavyokwenda.

Mkahawa wa hospitali

Mfano wa tatu unafundisha kuliko yote, kwa sababu ndani yake hakuna takwimu iliyokosewa.

Clear anasimulia kazi ya daktari Anne Thorndike na wenzake katika mkahawa wa Massachusetts General Hospital, mjini Boston. Awali, majokofu yaliyo karibu na sehemu ya kulipia yalijaa soda. Watafiti waliongeza chupa za maji humo, na kuweka vikapu vya maji karibu na sehemu za chakula. Katika miezi mitatu, kitabu kinaeleza, mauzo ya soda yalishuka kwa asilimia 11.4 na ya maji ya chupa yakapanda kwa asilimia 25.8. Simulizi inakazia kwamba watu walibadilika kwa sababu tu vitu vilipangwa upya.

Mhakiki akiufuata utafiti huo, uliochapishwa mwaka 2012 katika jarida la afya ya jamii la Marekani, anakuta namba zilezile. Anakuta pia neno ambalo lingepaswa kumshtua: awamu. Utafiti ulikuwa na awamu mbili. Katika ya kwanza, kila chakula na kinywaji kilibandikwa alama ya rangi kama taa za barabarani: kijani kwa kinachofaa afya, manjano kwa cha kati, na nyekundu kwa kisichofaa. Alama hizo peke yake zilishusha mauzo ya vinywaji vyekundu kwa asilimia 16.5. Ni baada ya hapo tu ndipo awamu ya pili ya kupanga upya ilipoanza, na vinywaji vyekundu vikashuka tena kwa asilimia 11.4.

Maana yake ni nini? Upangaji ulisaidia, hilo halina shaka, na utafiti una nguvu ambayo kitabu kingeweza hata kujivunia zaidi: mauzo ya maji hayakupanda katika mikahawa mingine miwili ya hospitali hiyohiyo iliyotumiwa kwa ulinganisho. Lakini alama za rangi, yaani taarifa iliyowafikia wanunuzi kwa macho yao, zilishusha vinywaji vyekundu kwa kiasi kikubwa zaidi, tena zilitangulia. Asilimia 11.4 ni ya watu waliokwisha kuelezwa kwa miezi mitatu kipi kinafaa na kipi hakifai. Msomaji anayeijua awamu ya pili pekee ataamini kwamba mazingira yanafanya kazi peke yake bila maarifa, ilhali utafiti haukulipima jambo hilo. Mama mwenye mgahawa anayetaka wateja wake wapunguze soda angepata somo kamili zaidi kama angeambiwa yote mawili: eleza, kisha panga.

Hivi ndivyo ushahidi unavyodhoofika bila mtu kusema uongo. Namba inabaki sahihi huku mazingira ya namba yakibaki nyuma. Kwa sababu hiyo mhakiki haishii kwenye kuthibitisha tarakimu. Anauliza pia: tarakimu hii ilipimwa kwa nani, kwa muda gani, baada ya nini, na ikilinganishwa na nani?

Asilimia 91 ya nini?

Maswali hayohayo yanaweza kupelekwa kwenye sehemu yenye nguvu ya kitabu, ile ya kupanga saa na mahali. Clear anaufungua ushauri huo kwa utafiti wa Uingereza wenye washiriki 248, uliochapishwa na Sarah Milne, Sheina Orbell na Paschal Sheeran mwaka 2002. Kati ya waliopanga siku, saa na mahali pa kufanya mazoezi, asilimia 91 walifanya. Katika makundi mengine mawili, waliofanya walikuwa asilimia 35 na 38. Tofauti hiyo ni kubwa mno, na mwandishi yeyote angetaka kuitumia.

Waliopimwa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu. Kilichopimwa ni kufanya mazoezi ya nguvu ya angalau dakika 20, angalau mara moja katika wiki. Na waliotoa taarifa ni wanafunzi wenyewe, kwa kujaza fomu. Kwa hiyo asilimia 91 hawakujenga zoea. Walisema kwamba walifanya mazoezi mara moja wiki hiyo. Uchambuzi wa mwaka 2013 uliokusanya tafiti nyingi za mipango ya mazoezi ya mwili ulikuta msaada wa kweli, ila mdogo hadi wa kati, mbali na mruko wa kutoka 38 hadi 91.

Mhakiki anapokutana na hali hii hana haja ya kuifuta sifa aliyoiandika mwanzo. Anairekebisha tu kwa kipimo: ushauri una msingi mzuri, lakini mfano uliochaguliwa kuupamba ni wa juu kuliko wastani. Waandishi wa vitabu vya kujiendeleza huvutwa na matokeo makubwa kuliko yote, kama muuza embe anavyopanga mbele zile nono. Mhakiki ndiye anayepekua hadi chini ya tenga.

Maneno ya hukumu

Baada ya kupima, kinachobaki ni kuandika, na hapa uteuzi wa maneno hubeba mzigo mkubwa. Kuna tofauti kati ya dai lisilo na ushahidi, dai lenye ushahidi dhaifu, na dai lililopingwa na ushahidi. Wahakiki wenye hasira huyachanganya yote kwa kusema mwandishi anadanganya. Neno hilo linahitaji uthibitisho kwamba mwandishi alijua ukweli na akakusudia kuuficha, na mara nyingi uthibitisho huo haupo. Kusema kwamba kitabu kinataja matokeo ya awamu ya pili bila kuieleza ya kwanza ni kauli inayoweza kusimama mbele ya mwandishi mwenyewe, mwanasheria wake, na msomaji mwenye mashaka.

Upande wa pili, mhakiki asijifiche nyuma ya maneno laini. Sentensi kama baadhi ya madai yanahitaji utafiti zaidi haimwambii mtu lolote. Madai yapi? Yanahitaji utafiti kwa sababu gani? Aya iliyokomaa kuhusu kitabu hiki inaweza kusomeka hivi:

“Ushauri wa Clear wa kupanga mahali na saa umejengwa juu ya majaribio mengi, na kwa msomaji anayetaka kuanza jambo dogo, sura hizo peke yake zinatosha kuhalalisha bei. Hali si hiyo kwa sura ya kwanza. Hadithi ya waendesha baiskeli wa Uingereza ina kosa katika idadi ya medali, na inaacha nje fedha za bahati nasibu zilizoanza kuingia mwaka 1997. Hesabu ya kuwa bora mara 37 kwa mwaka haifanani na mchoro wa utafiti ambao mwandishi mwenyewe anauonyesha baadaye. Msomaji achukue mbinu, na matarajio ayaweke chini.”

Aya hiyo ni fupi, lakini kila sentensi yake inaweza kuthibitishwa, na msomaji anatoka akijua afanye nini. Haimtaji Clear kama mtu mwema au mbaya. Inazungumzia sura, madai na ushahidi.

Mhakiki pia anapaswa kusema kitabu kinamfaa nani. Ushauri mwingi wa Clear unamchukulia msomaji kuwa mtu mwenye mamlaka juu ya chumba chake na saa zake. Mlinzi anayebadilishiwa zamu kila wiki, au binti wa kazi anayelala sebuleni kwa watu, hawezi kupanga mazingira yake kwa urahisi kama mwajiriwa wa ofisini mwenye meza yake. Kwao kanuni ya dakika mbili bado inaweza kufaa, lakini sura za mazingira zitawapa kidogo. Vilevile, mtu anayepambana na uraibu wa pombe au sonona anahitaji mhudumu wa afya, na uhakiki unaomwelekeza kwenye kitabu cha mazoea peke yake utakuwa umemkosea.

Kwa makala ya maneno 800, mpangilio unaofanya kazi ni kueleza hoja ya mwandishi kwa namna ambayo yeye mwenyewe angeikubali, kutaja nguvu mbili kwa ushahidi wake, kisha kuchukua madai mawili au matatu tu yenye uzito na kuyafuata hadi chanzo. Makosa madogo yasiyogusa hoja, kama tahajia au tarehe isiyobeba kitu, huachwa. Kabla ya kupeleka kwa mhariri, mhakiki hurudi kwenye kurasa alizozitaja na kuhakikisha kwamba hajamwekea mwandishi maneno mdomoni, na huandika toleo alilosoma na mwaka wake, maana waandishi husahihisha. Idadi ya medali za Waingereza ni kosa ambalo linaweza kuondolewa kwa mstari mmoja katika toleo lijalo, na likiondolewa, sentensi ile ya uhakiki nayo italazimika kuondoka.